Saini ya Meya, Deni la Miaka 30

Tarehe 12 Mei 1970, wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, walikutana Amsterdam, Uholanzi, kuamua ni mji gani ungeandaa Michezo ya Olimpiki ya 1976. Miji mitatu ilikuwa imeomba: Moscow, Los Angeles na Montreal. Wakati ule dunia ilikuwa imegawanyika kati ya Marekani na Urusi ya Kisovieti, na wengi walidhani kinyang'anyiro ni cha wakubwa hao wawili. Montreal, mji wa Kanada unaozungumza Kifaransa, ulionekana kama msindikizaji.

Kura ilikuwa ya siri. Katika duru ya kwanza Moscow ilipata kura 28, Montreal 25, Los Angeles 17. Kwa kanuni za IOC, mji unashinda kwa kupata zaidi ya nusu ya kura zote. Usipopatikana mshindi, wa mwisho anaondolewa na wajumbe wanapiga tena. Los Angeles ikatoka. Katika duru ya pili Montreal ilipata 41, Moscow ikabaki na 28 zilezile. Yaani karibu kila mjumbe aliyekuwa na Los Angeles alihamia Montreal, na Moscow haikuongeza hata kura moja.

Hesabu ile inafundisha jambo ambalo waombaji wote wa baadaye walilishika: kuwa chaguo la kwanza la watu wengi hakutoshi. Unahitaji pia kuwa chaguo la pili la wale ambao mji wao utaondolewa mapema. Ndiyo maana kwa miaka mingi wakuu wa miji walizunguka dunia nzima wakiomba kura mmoja mmoja, na kila mjumbe alibembelezwa.

Mchango mkubwa wa ushindi ule ulikuwa wa meya wa Montreal, Jean Drapeau. Alikuwa ameshaufanyia mji wake makubwa mawili, reli ya chini ya ardhi na maonyesho ya kimataifa ya 1967, na watu walimwamini. Aliahidi michezo ya kiasi, isiyo na ufujaji. Nitamrudia, kwa sababu yaliyofuata Montreal yanaeleza kuliko mahali pengine popote jinsi mji unavyoingia gharama hizi na kwa nini ni vigumu kutoka.

Kwanza tuone mji unavyoomba. Mji haujitokezi wenyewe. Kamati ya olimpiki ya nchi ndiyo inayouteua, na nchi hupeleka mji mmoja tu. Hapo huanza kazi ya kuandika kitabu cha maombi: viwanja viko wapi na vina viti vingapi, wanamichezo zaidi ya 10,000 watalala wapi, hoteli zina vyumba vingapi, mwendo wa basi kutoka kijiji cha wanamichezo hadi uwanjani ni dakika ngapi, nani atalipia polisi, serikali imeweka sahihi dhamana gani. Tume ya IOC hutembelea mji kukagua, kisha huandika ripoti. Zamani baada ya ripoti hiyo ilifuata siku ya kura kama ile ya Amsterdam.

Gharama huanza hapohapo, kabla mtu hajachimba msingi. Chicago iliomba michezo ya 2016 kwa kutumia zaidi ya dola milioni 70 za Marekani, nyingi zikiwa michango ya matajiri na makampuni. Rais Barack Obama alisafiri mwenyewe hadi Copenhagen, Denmark, Oktoba 2009 kuuombea mji wake. Chicago ilipata kura 18 na kuondolewa katika duru ya kwanza. Rio de Janeiro ndiyo iliyoshinda. Fedha za maombi hazirudishwi kwa aliyeshindwa, na ramani za viwanja zilizochorwa kwa mamilioni hubaki kwenye makabati.

Mtindo wa kubembeleza wajumbe ulizaa uozo. Mwishoni mwa 1998 iligundulika kwamba waombaji wa Salt Lake City, mji uliopewa michezo ya majira ya baridi ya 2002, walikuwa wamewapa baadhi ya wajumbe wa IOC na jamaa zao fedha, ada za shule na safari. Wajumbe kumi walifukuzwa au wakajiuzulu, akiwemo mmoja kutoka Kenya. Tangu hapo wajumbe walikatazwa kutembelea miji inayoomba.

Leo utaratibu ni mwingine kabisa. Mwaka 2019 IOC iliachana na mbio za wazi. Sasa ipo tume maalumu inayozungumza na miji muda wowote, faraghani. Ikiridhika na mmoja, huufanya mwenzi wa mazungumzo ya kina, na mwishoni wajumbe huulizwa swali moja: mnaukubali au hamuukubali? Brisbane ya Australia ilipewa michezo ya 2032 kwa njia hii Julai 2021, kwa kura 72 za ndiyo dhidi ya 5, bila mpinzani yeyote kwenye karatasi. Njia hii imepunguza gharama za maombi na imefunga milango mingi ya rushwa. Lakini imepunguza pia macho ya umma, kwa sababu mazungumzo yenyewe hufanyika pasipo wananchi kuona miji inavyolinganishwa. Kirsty Coventry wa Zimbabwe, Mwafrika wa kwanza kuiongoza IOC, alipoanza kazi mwaka 2025 alisimamisha uteuzi wa miji kwa muda ili utaratibu huo utazamwe upya, jambo ambalo kwa maoni yangu lilihitajika.

Mji ukishachaguliwa, mara nyingi siku hiyohiyo, meya na kamati ya olimpiki ya nchi yake huweka sahihi mkataba wa mwenyeji. Wananchi wengi huona picha za fataki na watu wakikumbatiana. Mkataba wenyewe hawausomi. Humo ndimo gharama zilimo.

Mambo mawili katika mkataba huu yanabeba mengine yote. La kwanza ni mgawanyo wa mapato. Haki za matangazo ya televisheni na udhamini wa makampuni makubwa ya dunia ni mali ya IOC, si ya mji. Fedha hizo ni nyingi mno: kampuni ya NBC ya Marekani peke yake ilikubali kulipa dola bilioni 7.65 kwa michezo ya kuanzia 2021 hadi 2032. IOC hugawa sehemu kwa kamati ya maandalizi, sehemu nyingine kwa vyama vya michezo na kamati za nchi. Mji unabaki na tiketi, wadhamini wa ndani, na mauzo ya bidhaa zenye nembo.

La pili ni hasara. Ikitokea gharama zimezidi mapato, IOC haidaiwi. Wanaodaiwa ni mji, kamati ya nchi na kamati ya maandalizi, na kwa kawaida serikali huwa imeshatoa dhamana nyuma yao. Kwa hiyo anayepanga masharti, idadi ya viti, siku ya ufunguzi na aina ya michezo ni mmoja, na anayelipa kikizidi ni mwingine. Siku ya ufunguzi nayo haisogei. Ni kama harusi ambayo kadi zimeshagawiwa: fundi wa maturubai akipandisha bei usiku wa kuamkia siku yenyewe, utalipa.

Sasa turudi Montreal.

Aprili 1972 Drapeau aliwaonyesha wakazi mfano wa uwanja wake. Msanifu alikuwa Mfaransa, Roger Taillibert, aliyejenga uwanja wa Parc des Princes mjini Paris. Kazi hiyo haikushindanishwa. Meya alimteua mwenyewe. Uwanja ulikuwa wa kuvutia kweli: duara kubwa la zege kama gamba la kiumbe wa baharini, na kando yake mnara wa mita 165 ulioinama, mrefu kuliko mnara wowote wa aina hiyo duniani. Kutoka kwenye mnara zingeshuka nyaya 26 zilizoshika paa la kitambaa. Mvua ikija, paa linafunguliwa na kutandazwa juu ya watazamaji. Jua likiwaka, linavutwa juu na kukunjwa ndani ya mnara.

Januari 1973 meya alitaja bei ya michezo yote: dola milioni 310 za Kanada. Alisema zitapatikana kwa kuuza sarafu na stempu za ukumbusho na kuendesha bahati nasibu, na mlipa kodi hataguswa. Alisema pia, katika maneno ambayo Wakanada hawajayasahau, kwamba Olimpiki haiwezi kuleta hasara kama vile mwanamume hawezi kuzaa.

Bei ile ilitajwa kabla michoro ya ujenzi haijakamilika, na ndipo kosa lilipoanzia. Kila mtu aliyewahi kujenga hata nyumba ya vyumba vitatu anajua kwamba fundi hawezi kukupa bei ya kweli kabla ya kuona mchoro wenye vipimo. Lakini Olimpiki inamlazimisha meya kutaja bei mapema, maana bila bei hakuna kibali cha serikali, na bei kubwa inaweza kuua ndoto papo hapo. Kwa hiyo bei ya kwanza huwa ni ya kushawishi. Ya kujengea huja baadaye.

Ugumu wa pili ulikuwa umbo la uwanja. Taillibert alitaka mbavu 34 za zege zijitokeze juu ya watazamaji pasipo nguzo mbele, ili kila mtu aone vizuri. Kila ubavu uliundwa kwa vipande vilivyomiminwa kiwandani, vikaletwa kwa malori, vikainuliwa kwa kreni, vikagundishwa na kukazwa kwa nyaya za chuma zilizopitishwa ndani yake. Kwa kuwa uwanja una umbo la yai, mbavu hazikufanana urefu wala mkunjo. Vipande vingi vilihitaji kalibu za aina tofauti. Kazi hii inahitaji utulivu na hali ya hewa nzuri. Montreal ina majira ya baridi ya miezi mingi ambamo zege halishiki bila kupashwa joto.

Ishara ya kwanza kwamba mambo yanakwenda kombo ilionekana mapema. Uwanja wa mbio za baiskeli ulio jirani ulipaswa kuwa tayari Agosti 1974 kwa mashindano ya ubingwa wa dunia. Haukuwa tayari, na mashindano yakafanyika kwenye njia ya muda iliyojengwa kwingine mjini. Jengo la kwanza likikosa tarehe yake, wakati bado miaka miwili, mtu makini anajua ya mbele. Nchini mwetu pia ni kipimo kizuri kwa mradi wowote mkubwa: usiangalie hotuba, angalia kama hatua ndogo ya kwanza ilimalizika siku iliyotajwa.

Kisha ikaja migomo. Wafanyakazi wa ujenzi walijua kama walivyojua wakandarasi kwamba Malkia Elizabeth angefika kufungua michezo Julai 1976, uwanja uishe usiishe. Vyama vyao vilidai mishahara zaidi, kazi ikasimama kwa miezi mizima mwaka 1975, na iliporudi ililipwa kwa saa za ziada, usiku na mchana, baridi kali na zege la kupashwa moto. Kreni zilibanana eneo moja hadi zikazuiana. Bei za chuma na zege zilikuwa zimepanda dunia nzima baada ya mafuta kupanda mwaka 1973. Wakandarasi walipewa kazi kwa mikataba ya kulipwa gharama yoyote itakayotumika pamoja na faida, ambayo humwondolea mkandarasi sababu ya kubana matumizi. Tume iliyoongozwa na jaji Albert Malouf, iliyochunguza gharama hizi na kutoa ripoti mwaka 1980, ilimtaja meya mwenyewe kuwa mwenye lawama kubwa, na ilieleza pia usimamizi mbovu na ufisadi katika ujenzi.

Novemba 1975, miezi minane kabla ya ufunguzi, serikali ya jimbo la Quebec iliunyang'anya mji kazi ya ujenzi na kuunda mamlaka yake ya kuimaliza. Serikali kuu ya Kanada ilikuwa imesema tangu mwanzo kwamba itaruhusu sarafu, stempu na bahati nasibu, lakini haitalipa hasara. Ikashikilia neno lake. Jimbo likabaki na mzigo. Uamuzi wa kwanza wa mamlaka mpya ulikuwa wa busara: mnara na paa viachwe, nguvu zote ziende kwenye viti na uwanja wa kuchezea.

Tarehe 17 Julai 1976 michezo ilifunguliwa. Mnara ulikuwa kisiki cha zege kilichoishia njiani, na uwanja hauna paa. Kwa wasomaji wetu siku ile ina kumbukumbu nyingine. Nchi nyingi za Afrika zilisusia, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, wiki chache tu baada ya mauaji ya Soweto. Kenya na Uganda nazo hazikushiriki. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, hakukimbia dhidi ya John Walker wa New Zealand, na Walker alichukua dhahabu. Mbio zilizosubiriwa kuliko zote katika uwanja ule ghali hazikufanyika. Mji unaweza kulipia kila kitu na bado usiwe na uwezo juu ya nani atakuja.

Wageni walipoondoka, hesabu ikafungwa. Uendeshaji wenyewe wa michezo ulijilipa. Bahati nasibu ilileta zaidi ya ilivyotarajiwa, sarafu zikaleta pungufu. Kilichoangusha ni majengo. Kutoka milioni 310, gharama zilikuwa zimevuka bilioni 1.3, na nakisi ilikaribia dola bilioni 1 za Kanada. Bent Flyvbjerg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, waliolinganisha gharama za michezo ya Olimpiki tangu 1960, waligundua kwamba hakuna hata mmoja kati ya ile yenye hesabu zinazojulikana uliobaki ndani ya bajeti yake, na Montreal ndiyo iliyozidi kuliko yote: zaidi ya asilimia 700, hata baada ya kuondoa mfumuko wa bei.

Tofauti hii ya bajeti mbili inafaa kukumbukwa kila unaposikia kiongozi akisema Olimpiki ya mahali fulani ilileta faida. Muulize ni bajeti ipi. Bajeti ya uendeshaji ina tiketi, mabasi, chakula cha wanamichezo, mavazi ya wafanyakazi wa kujitolea, na mara nyingi hukaribia kujilipa kwa sababu mgao wa IOC na wadhamini umo humo. Bajeti ya majengo, barabara na reli huandikwa kwenye daftari jingine, la serikali. Ulinzi nao huwa daftari la tatu. Mtu anaweza kusema kweli kuhusu daftari la kwanza na kuwaficha wasikilizaji wake mengine mawili.

Quebec ililipa deni kwa kodi maalumu ya tumbaku. Kila aliyenunua pakiti ya sigara tangu 1976 alichangia uwanja. Deni lilimalizika mwaka 2006. Kijana aliyezaliwa mwaka wa michezo alikuwa na umri wa miaka 30.

Habari za Montreal ziliwatia miji mingine woga, na woga huo ulibadilisha mambo. Denver, iliyopewa michezo ya majira ya baridi ya 1976 katika kikao kilekile cha Amsterdam, ilikuwa imeshajitoa Novemba 1972 baada ya wapiga kura wa jimbo la Colorado kukataa fedha zao zitumike. Innsbruck ya Austria ikaichukua. Na michezo ya 1984 ilipokuja kuombwa, Los Angeles ilibaki mwombaji peke yake.

Hapo ndipo mji ulipopata nguvu ya kujadiliana, kwa mara ya kwanza. Mwaka 1978 wapiga kura wa Los Angeles walipitisha kanuni iliyokataza mji kutumia fedha za umma ambazo hazitarudi. Sharti la kwamba mji ubebe hasara likawa haliwezekani kisheria. IOC, isiyo na mji mwingine wa kuuendea, ilikubali mkataba ambao mji haukudaiwa. Kamati binafsi chini ya Peter Ueberroth ndiyo iliyobeba jukumu. Kwa kuwa hakukuwa na mwenye hazina wa kumkimbilia, kamati ile ilihesabu kila senti. Ilitumia uwanja wa Koloseo uliokwisha kutumika kwa Olimpiki ya 1932, ikalaza wanamichezo kwenye mabweni ya vyuo vikuu, na bwawa la kuogelea na uwanja wa baiskeli vikalipiwa na makampuni. Iliishia na ziada ya zaidi ya dola milioni 200.

Watu wengi walijifunza somo la kinyume. Walisikia neno faida, wakasahau sababu zake, na miji ikajaa tena mlangoni. Wakati waombaji ni wengi, kila mmoja huongeza ahadi ili ampite mwenzake, na masharti yaliyoiokoa Los Angeles hayapatikani tena. Hali ilikuja kugeuka muongo uliopita. Katika mbio za kuomba michezo ya 2024, Boston ilijitoa, Hamburg ikakataa kwa kura ya maoni, Roma na Budapest nazo zikaondoka. Zilipobaki Paris na Los Angeles tu, IOC iliogopa kumpoteza atakayeshindwa, na Septemba 2017 mjini Lima, Peru, ikawagawia wote wawili: Paris 2024, Los Angeles 2028. Paris ilitumia viwanja vilivyokuwepo au vya muda kwa karibu asilimia 95.

Nisingependa msomaji adhani tatizo limekwisha. Brisbane, iliyochaguliwa kwa utaratibu mpya, iliahidi kutegemea sana majengo yaliyopo. Ilipanga kuukarabati uwanja wake wa Gabba, mpango ukabadilishwa zaidi ya mara moja, na Machi 2025 serikali ya jimbo la Queensland ikatangaza kujenga uwanja mpya wa watu 63,000 katika bustani ya Victoria Park, kwa takriban dola bilioni 3.8 za Australia. Kiongozi aliyetangaza hivyo alikuwa ameahidi katika kampeni kwamba hakutakuwa na uwanja mpya. Huo nao ni ukubwa wa kufaa Olimpiki, na swali la nani atakayeujaza baada ya 2032 litawahusu mashabiki wa kriketi na mpira wa Australia, ambao angalau wapo na ni wengi.

Kwa uwanja unaobaki, jambo la kuamua ni hilo la mwisho: nani atautumia kila wiki. Kasarani ya Nairobi, iliyojengwa kwa msaada wa China kwa Michezo ya Afrika ya 1987, imekuwa na upungufu wake mwingi, lakini ni uwanja wa taifa katika mji wenye kiu ya viwanja, na fainali ya CHAN ilichezwa hapo Agosti 2025. Uwanja wa riadha wa watu 60,000 au 80,000 katika mji ambao mechi za kawaida huvuta watu 15,000 ni kitu kingine kabisa. Mtazamaji wa mpira yuko mbali na uwanja kwa sababu ya njia ya kukimbilia. Umeme, maji, walinzi na bima hulipwa hata siku isiyo na mechi.

Montreal haikukosa mpangaji mara moja. Timu ya besiboli ya Expos ilihamia uwanjani mwaka 1977. Uwanja wa baiskeli ulifanywa makumbusho hai ya wanyama na mimea mwaka 1992, na unavutia wageni hadi leo. Kijiji cha wanamichezo kikawa fleti za kupanga. Haya yalifanikiwa kwa sababu yalipewa kazi mpya kabisa badala ya kusubiri michezo mingine. Uwanja wenyewe haukuwa na bahati hiyo.

Mnara ulimalizika mwaka 1987, miaka 11 baada ya michezo, na paa la kitambaa kigumu cha kevla, lililokuwa limekaa ghalani Ufaransa kwa miaka, likaning'inizwa hatimaye. Lilikuwa halifunguki wala kufungwa upepo ukizidi kilomita 40 kwa saa. Lilichanika mara nyingi. Mwaka 1991 boriti ya zege ya tani 55 ilianguka kwenye njia ya wapita kwa miguu. Kwa bahati hakukuwa na mtu. Mwaka 1998 paa la kufunguka liliondolewa, likawekwa lisilofunguka. Januari 1999, katika majira ya baridi ya kwanza, sehemu yake ilipasuka kwa uzito wa theluji na kuwamwagia watu waliokuwa wakiandaa maonyesho ya magari. Expos walicheza mechi yao ya mwisho pale mwaka 2004, kisha timu ikahamishiwa Washington. Tangu hapo uwanja hauna mpangaji wa kudumu.

Paa hilo la pili liliongezeka matundu mwaka hadi mwaka, hadi yakapita 20,000. Kwa usalama iliwekwa kanuni kwamba utabiri wa hali ya hewa ukionyesha theluji ya zaidi ya sentimita tatu, uwanja haufunguliwi kwa umma. Hakuna mwandaaji wa tamasha aliyeweza kuuza tiketi 40,000 za mwezi wa Februari chini ya kanuni hiyo, kwa hiyo uwanja ulikaa mtupu sehemu kubwa ya majira ya baridi.

Februari 2024 serikali ya Quebec ililazimika kuamua. Njia moja ilikuwa kuubomoa. Lakini zile mbavu zimekazwa kwa nyaya zilizovutwa kwa nguvu kubwa mno. Ukizikata ovyo, vipande vinaweza kufyatuka, na chini yake kuna reli ya treni. Serikali ilikadiria kwamba kuubomoa kungegharimu karibu dola bilioni 2 za Kanada. Njia ya pili ilikuwa paa la tatu, safari hii la kudumu na gumu, kwa dola milioni 870. Serikali ilichagua paa, na kazi ilipangwa kumalizika mwaka 2028. Bei hiyo ya paa peke yake, kwa tarakimu, ni karibu mara tatu ya ile ambayo Drapeau aliitaja mwaka 1973 kwa ajili ya Olimpiki nzima.